Poleni na safari: siku chache Lamu na rafiki mgeni

Basi la kutoka Malindi lilitushusha Mokowe alasiri, vumbi la Garsen na Witu bado liko kwenye nywele. Mwenzangu ni Mjerumani aliyesoma Kiswahili darasani kwao, na anakisema vizuri. Tuliposhuka kwenye boti upande wa kisiwani, mzee aliyekuwa ameketi gatini akatuambia, "Poleni na safari." Mwenzangu akamjibu kwa furaha, "Hapana, safari ilikuwa nzuri sana!" Mzee akatabasamu, lakini nikaona jibu halikumfikia.

Tukiwa njiani kuelekea nyumba tuliyopanga, nilimweleza. Pole ya safari haiulizi kama umeteseka. Anayeisema anajua umekaa njiani, umechoka au hukuchoka, na anakuondolea ule uchovu kwa neno. Jibu lake ni "Asante", au kama wasemavyo watu wa pwani, "Nishapoa". Hilo la pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu linamwambia aliyekupa pole kwamba pole yake imefanya kazi. Mkiwa wengi ni "Tushapoa".

Kesho yake akajikwaa kwenye ngazi ya mawe. Wanawake wawili waliokuwa wakipita, wala hawakumgusa, wakasema kwa pamoja, "Pole!" Akanigeukia: "Mbona wananiomba msamaha? Ni mimi sikutazama." Hapo ndipo watu wengi wa kwao hukwama. Pole haina mwenye kosa ndani yake. Ni ya aliyepatwa: mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa, aliyefeli mtihani, hata mtu uliyemkuta anafanya kazi juani, ambaye utamwambia "Pole na kazi". Ukinyamaza mtu akijikwaa mbele yako, wewe ndiye utakayeonekana huna moyo.

Mchana huohuo nikapata mfano bora kuliko maneno yangu. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, na punda ndio hubeba mizigo. Kijana mmoja alikuwa akiswaga punda wake waliobeba mchanga, gunia likampangusa mwenzangu begani na kumwachia alama ndefu kwenye shati. Kijana akasema, "Pole, ndugu," akataka kupita. Mtu mzima aliyekaa barazani akamsimamisha: "Pole humpi wewe, tutampa sisi. Wewe mwombe radhi." Kijana akarudi, akaweka mkono kifuani: "Niwie radhi, kaka yangu." Kisha mzee naye akasema, "Pole, mwanangu."

Nilifurahi mno. Neno lilikuwa moja, kinywa tofauti, na uzito wake ukabadilika. Aliyesababisha hudaiwa "samahani", "nisamehe" au "niwie radhi". Akishamaliza deni hilo, hakuna ubaya akaongeza pole. Najua mijini siku hizi, Nairobi hasa, mtu husema "pole, nimechelewa" na akaeleweka. Lakini mbele ya wazee wa pwani, pole peke yake kutoka kwa mkosaji inasikika kama anasimama pembeni ya kosa lake.

Karibu ilitupa kazi ya aina nyingine. Mlangoni unabisha, "Hodi!", na usipojibiwa mara ya tatu unaondoka. Ukisikia "Karibu" ndipo una ruhusa. Nyumba za kale za Lamu zina daka, ukumbi mdogo mbele ya mlango wenye viti vya mawe pande mbili. Ukikaribishwa hapo umekaribishwa kweli, wala usichungulie ndani ukingoja zaidi.

Kigumu ni chakula. Tulipita duka ambamo mwenye duka alikuwa anakula wali kwa samaki. "Karibuni chakula!" akasema. Mwenzangu akavua viatu. Nikamshika mkono taratibu, nikajibu, "Asante, starehe." Mwenye duka akaendelea kula kwa amani. Hakusema uongo, angetugawia tungeketi. Ila anayekula hawezi kumwona mtu akipita bila kumkaribisha, na mpita njia naye anatakiwa amwachie mlo wake.

"Sasa nitajuaje?" akaniuliza. Nikamwambia atazame mikono. Karibu ya adabu husemwa mkono ukiwa ungali kwenye sahani. Anayetaka ule husogea akupe nafasi, huita maji ya kunawa, na ukikataa anarudia mara ya pili na ya tatu. Ikifika hapo, kukataa kabisa ni kumvunjia heshima. Hata kama umeshiba, nawa, onja tonge moja, kisha ushukuru.

Usiku ule mama wa nyumba tuliyopanga alitandika mkeka, akaleta mahamri na chai ya maziwa, akasema, "Karibuni." Mwenzangu hakuniuliza. Alitazama birika la maji ya kunawa likija, akaketi.