Nilivyojibu swali la madaraka kwenye usaili wa mtendaji wa kata

Nilipoitwa kwenye usaili, jamaa wakanidokeza nijiandae kwa swali la tofauti kati ya kusogeza, kukasimu na kugatua madaraka, wakaanza kunirushia notsi kwa WhatsApp. Zote ziliimba wimbo mmoja: ukisogeza madaraka unapeleka kidogo, ukikasimu unapeleka kiasi, ukigatua unapeleka mengi. Kama vipimo vya mchele. Aliyeziandika sidhani kama amewahi kufuatilia hata kalavati moja.

Mimi nilikuwa nafuatilia. La mtaani kwetu lilititia masika yale, bodaboda wakawa wanapita ukingoni kwa zamu, na wakazi wakanibebesha barua eti kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Nilianzia kwa mkuu wa wilaya. Alinipokea vizuri, akaandika pembeni ya barua “Mhandisi, ona na ushauri”, akasaini, karani akagonga muhuri. Nilitoka kifua mbele. Barua ilipendeza kweli, lakini fungu la barabara halikuwa pale. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais na anamwakilisha Rais. Ni Serikali Kuu iliyosogezwa jirani. Huko ndiko kusogeza, na mfano wake mzuri zaidi ni ofisi ya ardhi ya mkoa. Hati unaipata hapo hapo bila kupanda basi kwenda mbali, lakini kamishna msaidizi anayeisaini ni mtumishi wa wizara, anatumia mamlaka ya wizara. Waraka ukishuka kutoka Dodoma anaufuata, akihamishwa anakuja mwingine, na wewe mwenye kiwanja hukumpigia kura wala huna pa kumnyima kura. Nauli imepungua, mwamuzi ni yule yule.

Kutoka hapo nikaenda kwa diwani. Huyu tulimchagua, na baraza lao la madiwani si mapambo: linapitisha bajeti ya halmashauri, linatunga sheria ndogo, linaamua ushuru wa soko utumikeje. Ndio ugatuzi huo. Nikadhani nimefika. Diwani akacheka, akaniambia barabara zilishatoka mikononi mwao tangu 2017 ilipoanzishwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Baraza linaweza kuhoji na kupendekeza, ila mhandisi hawajibiki kwake kama zamani.

TARURA ni wakala ulioundwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Una mtendaji mkuu wake na mpango kazi wake, na unaendesha shughuli zake za kila siku bila kusubiri wizara iseme neno. Lakini kazi yenyewe ni ya kukasimiwa: waziri ndiye mwenye dhamana, na aliyeikabidhi anaweza kuirudisha au kuibadili bila kumuuliza mpiga kura wa kata yangu. Mhandisi alikuja na futi, akapima upana wa mfereji, akaliingiza kalavati letu kwenye maombi ya mwaka unaofuata. Ukifuatilia ya kwenu, peleka barua kabla bajeti haijaanza kupangwa, na diwani aisemee kwenye kamati ya maendeleo ya kata ili iwe kwenye muhtasari. Fotokopi na nauli hazikunizidi elfu kumi na kitu.

Basi notsi nikazitupa, nikabaki na maswali mawili. Nani anaweza kukunyang'anya hii kazi bila kukuuliza? Na ukivurunda, unajieleza kwa nani? Mtu wa wizara anajieleza kwa bosi wake wa juu. Wakala unajieleza kwa waziri aliyeupa kazi. Diwani anajieleza kwa waliompigia kura. Ukubwa wa madaraka hauamui chochote hapo: wakala unaweza kushika mabilioni, na kihalmashauri cha pembezoni kikashika vijisenti, bado kilichogatuliwa ni kile kihalmashauri.

Kwenye usaili swali likaja kama nilivyoliombea. Niliwamwagia ofisi ya ardhi, TARURA na baraza la madiwani, nikaona mmoja ameacha kuandika ananisikiliza. Mwenzake akanitega: kwa hiyo halmashauri inajitegemea kabisa? Nikamwambia hapana. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinaitambua, lakini mkurugenzi wake anateuliwa na Rais, sheria ndogo zake zinahitaji idhini ya waziri, na sehemu kubwa ya fedha yake ni ruzuku kutoka Hazina. Tumegatua, ila kamba bado imeshikwa.

Akaongeza: na Madaraka Mikoani ya 1972? Hapo ndipo wengi huteleza kwa sababu ya jina. Mwaka ule halmashauri za wilaya zilifutwa, na maofisa wa Serikali Kuu wakapelekwa mikoani na wilayani kupanga na kusimamia maendeleo. Watu na ofisi vilisogea. Wachaguliwa ndio waliopoteza nafasi. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria namba 7 na namba 8 za 1982, ya kwanza kwa wilaya, ya pili kwa miji. Yule aliyenitega akaguna, akageuza karatasi, akaniuliza kuhusu utunzaji wa nyaraka za ofisi. Kazi niliipata.