Siku moja na sisti ya taya: kutoka picha hadi maabara

Saa 2:00 asubuhi. Picha ya eksirei inatangulia mgonjwa. Ni dereva wa bodaboda aliyewahi kuanguka; jino lake la juu, la pili kutoka katikati, limegeuka kijivu. Kwenye ncha ya mzizi pana weusi wa mviringo, upana wa milimita 18, uliozungukwa na mstari mwembamba mweupe. Mstari huo ni mfupa uliokaza, dalili kwamba uvimbe umekua polepole. Mstari ukifutika mahali, mara nyingi sisti, yaani kifuko chenye maji ndani ya mfupa, imeingiwa na usaha.

Saa 2:30. Picha peke yake haitoshi, kwa kuwa weusi kama huu unaweza kuonekana hata kwenye meno yaliyo hai. Pamba iliyopuliziwa dawa ya baridi inagusishwa jino moja baada ya jingine.

"Unasikia baridi, kaka?"

"Hili hapana, dokta. Hayo mengine ndiyo."

Jino lililokufa ndilo chanzo: uchafu wa kiini kilichooza huchokoza chembe zilizobaki pale mzizi ulipoumbika, nazo hujenga kifuko. Kama meno yote yangesikia, tungetafuta ugonjwa mwingine. Mzizi unasafishwa na kuzibwa kwanza. Weusi mdogo mara nyingi hupona kwa hatua hiyo pekee. Huu ni mkubwa mno kuusubiri.

Saa 3:30. Baada ya ganzi, sindano nene inavuta maji ya rangi ya majani makavu, yenye chembe zinazometameta. Yangekuwa mazito na meupe kama uji, tungeshuku keratosisti, aina nyingine ya sisti ambayo hurudi kwa urahisi. Ikija damu tupu, upasuaji unasimama hapo hapo, maana huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu.

Saa 4:00. Fizi inafunuliwa pamoja na utando wa mfupa, kisha dirisha kwenye mfupa linapanuliwa kwa drili huku maji ya chumvi yakipoza mfupa. Kijiko cha kukwangulia kinageuzwa mgongo kuelekea kifuko, makali yake yakielekea mfupa, na kifuko kinabanduliwa taratibu kikiwa kizima. Hapa ndipo haraka huharibu kazi: kikichanika, kipande kinachosalia kinaweza kuota tena. Ncha ya mzizi inakatwa milimita 3, tundu linasafishwa, fizi inashonwa.

Saa 6:00 mchana. Kifuko kizima kinatumbukizwa kwenye fomalini ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wake, na kupelekwa maabara. Hakitupwi hata kama kila dalili inakubaliana, kwa sababu ameloblastoma changa, uvimbe mwingine wa taya, inaweza kuiga picha hii.

Saa 8:00 mchana. Mgonjwa anaondoka na maelekezo: asisukutue kwa nguvu leo, nyuzi zitolewe baada ya siku 7, picha irudiwe baada ya miezi 6 na tena mwaka ukitimia. Mfupa hujaa kutoka kingoni kuelekea katikati, hivyo weusi uliopungua kwenye picha ya kwanza ni habari njema. Uliopanuka unamrudisha mezani.