Nilichokiacha nje ya habari ya kijana aliyepotea

Mama yake alinipigia siku ya tatu. Mwanawe wa miaka 22 alitoka kazini jioni na hakufika nyumbani. "Mwanangu, andika kila kitu," aliniambia, na nilipofika kwake nikakuta kweli kila kitu kipo: ndugu sita sebuleni, kila mmoja na lake. Nilimwomba achague mmoja wa kuzungumza nami kwa niaba ya familia. Akamchagua kaka mkubwa.

Kaka alinipa mambo mawili ambayo mwandishi yeyote angeyarukia. La kwanza, simu ya mdogo wake ilikuwa imewaka mara mbili usiku, na polisi walikuwa wanafuatilia mnara uliokuwa umeipokea. La pili, kijana alikuwa na kovu refu chini ya goti la kushoto. Niliyaandika yote kwenye daftari, kisha kabla sijaandika habari nikaenda kituoni kwa mpelelezi mwenye jalada.

Sikwenda kuomba ruhusa. Nilimsomea nilichonacho na kumuuliza, "Afande, kipi hapa kikitoka kitakuharibia?" Akajibu bila kusita: simu. Kama kijana ameshikiliwa, aliyemshika akisoma kwamba simu inafuatiliwa ataitupa mtoni. Kama amejificha mwenyewe, ataizima. Kwa vyovyote vile uzi ule mmoja ungekatika. Kuhusu kovu, alitaka libaki kati yetu na familia, ili mtu akidai anajua alipo kijana, kuwe na swali la kumpima.

Nami nilikuwa na langu. Nilikubali kunyamaza juu ya hayo mawili hadi atakaponiambia uzi wa simu umekwisha, lakini nikataka anisahihishie saa. Familia ilisema kijana alitoka saa 12 jioni, kwa sababu ndiyo saa ya kufunga kazi. Mpelelezi alikuwa na picha ya kamera ya ulinzi ikimwonyesha kituo cha basi saa 1 na dakika 20 usiku, amevaa jaketi la bluu ambalo nyumbani hakuna aliyelitaja. Hapa ndipo habari nyingi za watu waliopotea zinapoharibika. Aliyemwona kijana saa 1 na nusu, akisoma kwamba alipotea saa 12 akiwa na shati jeupe, atajiambia "basi siye yule," na hatapiga simu. Nikaandika: "Alionekana mara ya mwisho kwa uhakika saa 1:20 usiku." Yale maneno "kwa uhakika" niliyapigania kwa mhariri, aliyeona yanarefusha sentensi.

Picha nayo ilikuwa na kasoro. Familia ilinipa ya mahafali, suti na uso mweupe wa poda, ya miaka miwili nyuma. Siku hizi kijana alikuwa na ndevu. Tukapekua simu ya kaka tukapata moja ya mwezi uliopita, haipendezi lakini ndiyo sura ambayo mpita njia angekutana nayo. Mama hakufurahi.

Chini ya habari niliweka namba ya kituo peke yake. Kwa bahati mbaya mjomba alikuwa amekwisha kusambaza namba ya mama mtandaoni, na siku ya tano mama akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole: tunaye, tuma pesa tumruhusu aongee nawe. Kaka, kama alivyoelekezwa na mpelelezi, akauliza kijana ana alama gani mguuni. Mpigaji akasema hana alama yoyote, labda kidonda kidogo. Pesa haikutumwa. Namba yake ilipelekwa kituoni, nami sikuandika neno juu ya simu hiyo, maana ningewafundisha wengine swali watakaloulizwa.

Kulikuwa na tetesi pia za madeni. Ndugu wawili walinieleza kwa kunong'ona, kila mmoja na kiasi chake. Niliziacha. Neno "ametekwa" nalo sikulitumia hata mara moja, maana hakuna aliyelijua, niliandika "hajulikani alipo."

Siku ya tisa mpelelezi akanipigia: amepatikana, mzima, aliondoka kwa hiari yake, na hataki aliko kujulikane. Ni mtu mzima, hiyo ni haki yake hata mbele ya familia. Nikaandika sentensi mbili kwamba yuko salama na msako umefungwa, nikaondoa picha na jina kwenye habari ya kwanza ili asiandamwe navyo kila anapotafuta kazi, na nikamwomba mjomba afute lile tangazo lake.

Jioni ile mama akanipigia tena. Alitaka nimwambie yuko wapi. Nilimwambia ukweli: sikuuliza.