Kona iligoma kufunga kwenye pegi ya mwisho, kumbe ni kipande cha kwanza

Jamani kona ya barabara, nusu kipenyo R mita 200, urefu mita 80, kila nikipiga pegi kutoka T1, mwanzo wa kona, pegi ya mwisho inaangukia karibu mita 3 kando ya T2, mwisho wa kona. Nikasawazisha theodolaiti upya, nikabadili tepu, wapi.

Kumbe T1 ilikuwa 1+234.60, yaani kilomita 1 na mita 234.60 ya barabara, kwa hiyo pegi ya kwanza (1+240) iko mita 5.40 tu, na mimi nimeipa pembe ya kipande kizima cha mita 20, yaani 2°51′53″, kona nzima ikazunguka.

Dakika za pembe = 1718.87 × kipande ÷ R, kwa mita 5.40 ikatoka 0°46′25″. Kutoka hapo unajumlisha pembe, ila tepu unavuta toka pegi iliyotangulia. Ya T2 ikasoma 11°27′33″, ikafunga.