Kimya cha mzee wa karafuu: nilipokata kila pumzi, kisha nikazirudisha

Msimu wa karafuu uliopita nilikwenda Pemba kumrekodi mjomba wa mke wangu, shambani kwake karibu na Wete. Nilitaka video ya dakika tatu: namna karafuu zinavyochumwa, zinavyochambuliwa makonyo, yaani vikonyo vyake, na kuanikwa. Kamera ilikuwa moja, juu ya miguu mitatu, na maiki ndogo nimeibana kwenye kanzu yake. Tuliongea dakika 41.

Mjomba husema polepole. Huanza sentensi, huiacha, hutazama mikarafuu, kisha huendelea. Niliporudi Unguja niliona kazi yangu ni kuondoa ukimya wote huo. Nikachagua vipande nilivyovitaka, nikaiamuru programu ya kuhariri ikate kila mahali ambapo sauti imeshuka chini ya kiwango fulani kwa zaidi ya nusu sekunde, halafu nikapita mwenyewe nikiondoa kila "eee", kila "yaani", kila "sasa". Nilibaki na dakika mbili na sekunde 38, na nikafurahi.

Binti yake aliitazama hadi mwisho, akaniambia, "Shemeji, huyu si baba. Baba hagombani na mtu." Nikaitazama tena kwa macho yake. Kweli, mzee alisikika kama mtu aliyekasirika. Kichwa kilikuwa kikiruka kushoto na kulia kila baada ya maneno matano, na hakuna mahali alipovuta pumzi.

Nilirudi kwenye picha ghafi na kuanza upya, safari hii nikisikiliza kila kimya kabla ya kukikata.

Kosa la kwanza lilikuwa la mashine, ila niliipa mimi amri mbaya. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hushuka. Kwa mzee mwenye sauti ya chini hushuka sana. Programu ilidhani huo ni ukimya, ikakata. "Unazitandaza jamvini" ikawa "unazitandaza jamvi". Mwanzoni mwa maneno nako herufi laini zililiwa: "hazikauki" ilisikika "azikauki". Nilikuwa nimeweka nafasi ya ziada sifuri kabla na baada ya kila neno. Nilipoacha fremu 5 kabla na fremu 7 baada, maneno yakarudi mazima. Ninarekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu 7 ni kama robo tu ya sekunde, lakini ndani yake imo silabi nzima.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa: kudhani kila kimya ni kimya kilekile. Sikiliza mahali hapa pawili.

Pa kwanza, nilimuuliza ni lini mvua ilimharibia karafuu zikiwa juani. Akasema, "Mwaka... ule mwaka wa... si mwaka jana, mwaka... eee... mwaka juzi." Sekunde 19. Kisa alikuwa nacho, alichokosa ni tarehe tu. Hapo nilikata bila kusita, nikabakisha "mwaka juzi", na juu ya mkato nikaweka picha ya mikono yake ikichambua makonyo. Mtazamaji hakupoteza kitu, na kisa cha mvua kikaanza mapema.

Pa pili, nilimuuliza, "Mjomba, mwanao akitaka kupanda mkarafuu, utamwachia?" Alishawahi kuanguka, na alikuwa amenieleza dakika chache kabla. Alitazama juu mtini sekunde nne nzima. Akasema, "Hapana." Kimya tena, sekunde mbili. "Akitaka, atapanda. Mimi sitaki." Katika video yangu ya kwanza hayo yalikuwa "hapana akitaka atapanda mimi sitaki", maneno yanayopingana kwa pumzi moja. Kumbe kile kimya cha katikati ndicho kilichobeba kubadilika kwake: baba anakataa, kisha anakumbuka kwamba mwanawe ni mtu mzima. Nilikirudisha chote, bila kufunika kwa picha nyingine, kwa sababu uso wake ndio ulikuwa jibu.

Tangu hapo najiuliza swali moja kwa kila kimya: anatafuta neno, au anatafuta jambo lenyewe? Anayetafuta neno mara nyingi huonekana: macho yanakwenda pembeni, vidole vinazunguka, anarudia mwanzo wa sentensi. Huyo nakata. Anayelipima jambo hutulia, mikono inasimama. Huyo namwacha.

Maneno ya kujazia nayo yanataka sikio hilohilo. "Eee" nyingi zinaondoka salama. Lakini mjomba alipoeleza kuanika, alisema, "Ukishachambua makonyo, sasa, unatandaza jamvini. Jioni unazikusanya, zisipate umande. Basi, kesho unatoa tena." Hiyo "sasa" inafungua hatua, na "basi" inaifunga. Nilipoziondoa, hatua ziligandana, na mke wangu, aliyekulia huko, alishindwa kuzihesabu. Nilirudisha zote mbili na kuacha fremu 12 hivi baina ya hatua na hatua. "Yaani" niliiacha pale tu ilipofuatwa na ufafanuzi. "Inshaallah" siigusi kamwe. Mzee aliposema mwakani atapanda miche mipya inshaallah, kuiondoa kungegeuza dua yake kuwa ahadi ambayo hakuitoa.

Vimya vingi vilivyobaki nilivifupisha tu badala ya kuvifuta. Cha sekunde moja na nusu nakiacha kwenye fremu 10. Pumzi anayovuta kabla ya sentensi naiacha nzima. Ikikatwa katikati, sikio hugundua kabla ya jicho, hata ukilainisha maungio ya sauti kwa fremu mbili. Kunguru walinisumbua zaidi, kwa kuwa mlio uliokatwa nusu hauwezi kufichika. Nilisogeza mkato hadi baada ya mlio, na chini ya video yote nikalaza dakika moja ya sauti ya shamba, upepo na majani, niliyoirekodi mjomba akiwa amenyamaza.

Kwa kichwa kinachoruka, picha ilikuwa ya 4K na video naitoa kwa 1080, yaani nusu ya upana wake, kwa hiyo niliweza kusogea karibu bila ukungu. Kila mkato usiofunikwa nilibadilisha ukubwa kutoka asilimia 100 hadi 120. Nilijaribu 105 kwanza, ikaonekana kama kamera imegongwa. Badiliko likiwa kubwa kiasi, jicho hulichukua kama picha mpya. Hila hii haikusaidia nilipounganisha maneno ya dakika ya 4 na ya dakika ya 30, kwani jua lilikuwa limesogea na kivuli cha mkarafuu kiliruka kutoka begani hadi shavuni. Hapo ni picha ya jamvi tu iliyoniokoa.

Sauti yangu mwenyewe niliikata bila huruma. Maswali yangu yalijaa "eee" na utangulizi mrefu, na hakuna aliyekuja kunisikiliza mimi.

Video ilifika dakika tatu na sekunde 52. Baadaye nilitaka ya dakika moja kwa ajili ya simu, na safari hii sikuibana yote. Nilichukua kipande kimoja tu, pale anapoeleza utajuaje zimekauka. Anashika karafuu, anaivunja, inasema "ta!", anaiinua mbele ya kamera na kunyamaza. Kimya kile nilikiacha kama kilivyo.