Mizani Mbili Zilizopungua

Binti yangu aliniuliza juzi, daftari la ushairi likiwa mapajani: "Mwalimu anasema tukipewa shairi tuanze kuhesabu. Tukishamaliza kuhesabu, tufanye nini?" Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kumaliza kazi yake. Lakini swali lile lilinirudisha kwenye meza ya usahihishaji, kwenye karatasi ya mtahiniwa ambaye sikuwahi kumwona na ambaye jibu lake silisahau.

Shairi lilikuwa limetungwa na mwenzetu kwa ajili ya mtihani ule ule, beti nne, mzazi akimngoja mtoto aliyeondoka. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Kila siku ni machozi, kungoja kumenizidi,
Nakosa na usingizi, moyo wangu wa baridi,
Nahesabu na miezi, imepita na ahadi,
Mlango ungali wazi, wewe mwana hujarudi.

Mshororo wa nne ndio kibwagizo, na ulirudi vile vile katika ubeti wa pili na wa tatu. Watahiniwa walitakiwa kulichambua shairi kwa alama 20: lugha 7, umbo 6, maana 7. Kwenye umbo mwongozo wetu ulitaka mambo sita, kila moja alama 1: tarbia, vipande viwili, mizani 16 kila mshororo, vina vya -zi na -di, kibwagizo, na bahari ya mtiririko kwa kuwa vina havibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho.

Karatasi nyingi zilikwenda kwa njia moja. Mtahiniwa anataja mambo sita, anapata alama sita, kisha anafika kwenye maana na kuandika kwamba mama ana huzuni kwa sababu mwanawe hajarudi. Hapo tayari pana tatizo, maana hakuna neno lolote katika shairi linalosema nafsineni ni mama. Ni mzazi tu. Huyo mama ametoka kichwani mwa msomaji, na ndiyo dalili ya kwanza kwamba mtu ameacha kuyasoma maneno yaliyo mbele yake.

Kisha nikaichukua karatasi ile. Hakutaja tarbia. Hakutaja vina, wala vipande, wala bahari. Alianza moja kwa moja na mishororo miwili ya mwisho ya shairi, akaichora mstari chini:

Zimekwisha na pumzi, nimechoka kuradidi,
Mlango ungali wazi, mwana hajarudi.

Aliandika, kwa maneno ninayoyakumbuka vizuri, kwamba mshororo wa mwisho una mizani 14 na si 16, kwamba zilizopungua ni za "wewe", na kwamba kuanzia hapo mzazi hasemi tena na mtoto bali anasema juu yake: "hujarudi" imekuwa "hajarudi". Akaongeza kwamba mshororo uliotangulia ndio unaoeleza sababu. Mzazi amesema amechoka kurudia, na hapo hapo kibwagizo, ambacho kazi yake ni kurudiwa, kinakatika. Tena kinakatika upande wa mtoto tu. Kipande cha mlango kimebaki na mizani zake nane.

Niliiweka kalamu chini. Nilihesabu kwa vidole: mwa-na-ha-ja-ru-di. Sita. Nikahesabu tena mishororo mingine yote ya shairi, na yote ilitimia. Ni huo mmoja tu uliopungua, na mwongozo wetu ulikuwa umeandika 16 kila mshororo. Watahiniwa wote waliopata alama ya mizani waliipata kwa kusema jambo ambalo shairi lenyewe linalikanusha.

Nilimpelekea kiongozi wa meza, mwalimu wa siku nyingi ambaye sote tulimheshimu. Aliisoma karatasi mara mbili bila haraka.

"Mwalimu," akasema, "hii inaweza kuwa kosa la chapa. Neno 'wewe' limeruka."

"Shikamoo yako iko palepale, Mzee, lakini nipe nafasi," nikamjibu. "Neno linaweza kuruka. Lakini likiruka 'wewe' tungebaki na 'mwana hujarudi'. Hapa na kiambishi kimegeuka, tena kimegeukia upande ule ule wa maana. Makosa mawili ya chapa hayapatani hivyo."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: basi ni inksari, uhuru wa mshairi, na mtoto alipaswa kuitaja kwa jina lake. Hapo ndipo tulipokaa kwa muda mrefu kuliko popote. Inksari ni kulifupisha neno ili mshororo usizidi mizani zake. Mshairi anaibana lugha ili arudhi itimie. Huyu alifanya kinyume. Arudhi ilikuwa imetimia katika beti tatu, akaivunja kwa hiari yake. Tena njia ya kuitimiza ilikuwa mbele yake: angeandika "yule mwana hajarudi", angepata nafsi ya tatu anayoitaka na mizani nane kamili, na hakuna msahihishaji ambaye angemwuliza. Mshairi anayeliacha neno jepesi kama hilo lipite hajashindwa kuhesabu.

Mzee alilirudia "yule mwana hajarudi" kwa sauti ya chini, halafu akalisoma lile lililoandikwa. Ukiyasoma yote mawili kwa sauti, la pili linakuacha umefungua mdomo bila cha kusema mahali ambapo sikio lilitegemea mizani mbili zaidi. Alikubali kwamba pengo lile lina kazi. Hakukubali kwamba lifute yale ambayo mtahiniwa hakuyasema.

"Hajaniambia vina," akasema. "Siwezi kumpa alama ya kitu ambacho hakukitaja. Nitajuaje kwamba anakijua?"

Ni hoja nzito, na mpaka leo naiona nzito. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kusikia mizani mbili zimepungua asipokuwa ameshazisikia zile kumi na sita zilizotangulia. Akaniambia kusikia na kutaja ni mambo mawili, na sisi tunasahihisha yaliyoandikwa.

Mengine yalipita upesi. Mwongozo ulirekebishwa: aliyeona mabadiliko ya mshororo wa mwisho apewe alama yake, aliyeyaeleza ahesabiwe kwenye maana, na aliyeandika 16 asinyang'anywe, kwa kuwa sisi ndio tuliomwongoza msahihishaji huko. Mtahiniwa wetu akapata 2 za umbo, kwa mizani na kibwagizo, 6 za lugha na 7 za maana. Jumla 15. Karatasi niliyosahihisha kabla yake, yenye mambo sita yote na mama mwenye huzuni, ilipata 6, 4 na 4. Jumla 14.

Tofauti ya alama moja. Tangu wakati ule, kila ninaposhirikishwa kuandaa mwongozo, nasoma shairi zima kwa sauti kabla ya kuandika idadi yoyote, na chini ya umbo naomba mtahiniwa ataje jambo moja na aseme linafanya nini, badala ya kutaja sita. Wenzangu wengine wanapinga, wakisema kwamba jibu la namna hiyo kila msahihishaji atalipima kivyake, na mtoto aliyejifunza arudhi kwa bidii atakosa mahali pa kuonyesha alichojifunza. Sijapata jibu la kuwatosheleza. Nikiwa peke yangu na karatasi bado natafuta namna ya kumpa mtoto aliyelisikia pengo haki yake bila kumnyima aliyejifunza arudhi ya kwake, na kwa alama 6 za umbo sijaona zinavyoweza kuwatosha wote wawili.