Nilivyosoma jedwali la z nikajitisha bure

Mwezi uliopita nilitaka jibu la swali moja: mwaka ujao, kapu langu la uwekezaji lina uwezekano gani wa kuishia na faida iliyo chini ya sifuri, yaani hasara? Asilimia 60 ya pesa iko kwenye hisa za soko la Dar es Salaam, 40 iko kwenye vipande vya mfuko wa hatifungani. Kwa rekodi zangu za miaka 5, kapu zima lilinipa wastani wa asilimia 12 kwa mwaka, na mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi ambacho matokeo ya mwaka hutawanyika kuzunguka wastani, ni 12.55.

Hesabu yenyewe ni fupi. Unachukua sifuri, unatoa wastani, unagawa kwa mkengeuko:

```
z = (0 - 12) / 12.55 = -0.96
```

Yaani sifuri iko karibu mkengeuko mmoja kamili chini ya wastani. Jedwali langu la z, linalogeuza z kuwa uwezekano, halikuwa na namba hasi, nikatafuta 0.96 na kukuta 0.3315. Nikashtuka: asilimia 33! Nilikuwa tayari kuuza nusu ya hisa.

Mdogo wangu anayesoma hisabati akaniuliza, "Dada, kwenye z ya sifuri jedwali lako linaandika ngapi?" Liliandika 0.0000. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Jedwali la namna hiyo hupima eneo chini ya mchoro wa kengele kuanzia katikati hadi z, halianzi mkiani. Kwa kuwa nusu nzima ya mchoro ni 0.5, nilitakiwa kutoa:

```
0.5 - 0.3315 = 0.1685
```

Kumbe ni asilimia 17 hivi, kama mwaka mmoja kati ya sita. Lingekuwa jedwali linaloanza kushoto kabisa, kwenye sifuri lingeandika 0.5000, na kwenye 0.96 ningekuta 0.8315, ambayo ni nafasi ya kubaki juu ya sifuri. Siku hizi sisomi jedwali lolote kabla ya kutazama mstari huo wa kwanza.

Kisha nikajaribu kwa mwezi. Wastani unagawanywa kwa 12, ila mkengeuko unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12, kwa hiyo unapungua polepole zaidi: asilimia 1 dhidi ya 3.62. Z ikawa -0.28, na uwezekano ukapanda hadi asilimia 39. Kapu ni lilelile! Ndiyo maana anayechungulia bei kila mwezi huona wekundu mara nyingi kuliko anayechungulia mara moja kwa mwaka.

Hata hiyo 17 naishika kwa tahadhari. Hisa zangu mbili hukaa siku nyingi bila mtu kununua wala kuuza, bei ikabaki palepale kwenye rekodi, na mkengeuko ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Nilipoupandisha hadi 16, z ikawa -0.75 na jibu likafika asilimia 23. Nimeandika namba zote mbili kwenye daftari, na hisa sijauza.